Ankara zasema 223,400, benki yasema 151,520: Pesa za mfanyakazi wa kujitegemea huenda wapi?

MWEZI ukifika ukingoni, katika nyumba nyingi za Ruiru na Thika ambamo baba au mama hufanyia kazi wateja wa ng'ambo kupitia mtandao, huzuka swali lile lile. Ankara zilizotumwa zinaonyesha pesa nyingi. Benki na simu zinaonyesha pesa chache. Tofauti imekwenda wapi?

Swali hili si la uhasibu tu, kwani limewahi kuvuruga amani ya nyumba. Mume anayemsikia mkewe akisema kwamba mwezi huu amechuma zaidi ya laki mbili, kisha akaona laki moja na nusu pekee katika akaunti yao ya pamoja, atauliza: "Mama watoto, hizo nyingine umezipeleka wapi?" Naye mke, ambaye hakutumia hata senti moja kwa siri, hana jibu, kwa maana hata yeye hajui.

Tangu nyaya za mawasiliano za chini ya bahari zifike Mombasa mnamo 2009, kazi za tafsiri, unukuzi wa sauti, uchoraji na utunzaji wa vitabu vya hesabu zimeweza kufanywa kutoka chumba cha kulala mtaani Kimbo au Makongeni kwa ajili ya mteja aliye Berlin, London au Chicago. Kazi imevuka mipaka kwa urahisi. Malipo nayo huvuka, lakini njiani hupita katika mikono kadhaa, na kila mkono una desturi yake.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kulinganisha pesa zilizochumwa na pesa zilizopokewa katika mwezi mmoja, ili kila shilingi ijulikane ilikokwenda. Tutamtumia mfasiri mmoja wa Ruiru kama mfano. Mfasiri huyu ni wa kubuni, na viwango vya ubadilishaji tulivyompa ni vya mfano pia, lakini hesabu yake ni ile ile inayomkabili yeyote anayelipwa kwa sarafu zaidi ya moja.

Karatasi tatu, mianya miwili

Kila kazi iliyolipwa huacha karatasi tatu. Ya kwanza ni ankara, ambayo mfanyakazi humwandikia mteja akimdai. Ya pili ni taarifa ya malipo, ambayo mteja humtumia mfanyakazi kumjulisha kwamba amelipa kiasi fulani kwa ankara nambari fulani. Ya tatu ni taarifa ya benki au ya simu, inayoonyesha kiasi kilichofika hasa.

Wengi huweka ya kwanza na ya tatu, wakaitupa ya pili. Hilo ndilo kosa la msingi. Taarifa ya malipo ndiyo inayomwezesha mtu kujua nani amepunguza pesa. Ikiwa ankara ni ya yuro 300 na taarifa ya malipo inasema mteja ametuma 290, basi yuro 10 zimekatwa na mteja mwenyewe, labda kwa sababu ya marekebisho ya kazi, na ni yeye anayepaswa kuulizwa. Ikiwa taarifa inasema ametuma 300 lakini benki ikapokea 285, mteja hana hatia. Yuro 15 zimekatwa njiani.

Kwa hiyo kuna mianya miwili: ule ulio kati ya ankara na taarifa ya malipo, ambao ni wa mteja, na ule ulio kati ya taarifa ya malipo na benki, ambao ni wa njia. Anayelinganisha ankara na benki moja kwa moja huichanganya yote miwili, na huishia kumlaumu asiyehusika.

Aidha, taarifa ya malipo hutegua kitendawili kingine. Mashirika ya tafsiri hupenda kulipa ankara tatu au nne kwa mkupuo mmoja. Benki itaonyesha kiasi kimoja tu. Bila taarifa inayoorodhesha nambari za ankara, mfasiri hataweza kujua ni ipi iliyolipwa na ipi iliyosahauliwa.

Machi ya mfasiri wetu

Sasa tumtazame mfasiri wetu katika mwezi wa Machi. Aliandika ankara nne. Tarehe 6 alimwandikia mteja wa Ujerumani yuro 420. Tarehe 10 alimwandikia mteja wa Marekani dola 600. Tarehe 14 alimwandikia mteja wa London pauni 250. Tarehe 20 aliliandikia shirika moja la Nairobi shilingi 40,000.

Ili kuzijumlisha, lazima zote zigeuzwe kuwa shilingi. Kanuni inayofaa ni kutumia kiwango cha wastani ambacho Benki Kuu ya Kenya (CBK) huchapisha kila siku ya kazi katika tovuti yake, na kukichukua kile cha siku ya ankara. Kiwango hicho huandikwa kando ya ankara na hakibadilishwi tena. Tuseme yuro ilikuwa shilingi 150, dola 129 na pauni 172. Ankara ya Ujerumani basi ni shilingi 63,000, ya Marekani 77,400, ya London 43,000, na ya Nairobi 40,000. Jumla ya alichochuma Machi ni shilingi 223,400.

Je, alipokea nini mwezi huo huo? Tarehe 7 benki yake ilipokea yuro 285 za ankara ya Februari ya yuro 300, ikazibadilisha kwa shilingi 147 kila moja, akapata shilingi 41,895. Tarehe 24 mteja wa Marekani alilipa dola 600 kupitia kampuni ya malipo ya mtandaoni. Kampuni ikakata dola 27, zikabaki 573, zikabadilishwa kwa shilingi 125, naye akapokea shilingi 71,625. Tarehe 28 shirika la Nairobi lilimlipa shilingi 38,000. Wajerumani na Waingereza hawakuwa wamelipa ankara za Machi kufikia mwisho wa mwezi, kwa kuwa mapatano yao ni siku 30.

Jumla ya alichopokea ni shilingi 151,520. Alichochuma ni 223,400. Pengo ni shilingi 71,880, na hapo ndipo mume anapouliza swali lake.

Sehemu kubwa ya pengo ni muda

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba malipo ya Machi si malipo ya kazi ya Machi. Mwezi ulianza mfasiri akidai ankara ya Februari ya yuro 300. Siku alipoiandika, kiwango kilikuwa shilingi 152, kwa hiyo deni lilikuwa shilingi 45,600. Mwezi ulimalizika akidai ankara mbili, ya Ujerumani na ya London, zenye thamani ya shilingi 106,000.

Maana yake ni kwamba madeni yake kwa wateja yaliongezeka kutoka 45,600 hadi 106,000, yaani kwa shilingi 60,400. Hizo hazikupotea. Ziko mikononi mwa wateja, na siku yao ya kulipa haijafika. Katika pengo la shilingi 71,880, hizi peke yake ni zaidi ya asilimia 80.

Hesabu ya mwezi, kwa hiyo, huandikwa hivi: madeni ya mwanzo wa mwezi, 45,600, huongezwa ankara za mwezi, 223,400, ikawa 269,000. Kisha hutolewa madeni ya mwisho wa mwezi, 106,000. Kinachobaki, shilingi 163,000, ni thamani ya ankara zilizolipwa. Hiki ndicho kiasi kinachofaa kulinganishwa na shilingi 151,520 zilizopokewa. Pengo sasa si 71,880 tena bali ni 11,480.

Kodi iliyozuiliwa si hasara

Katika hizo 11,480, shilingi 2,000 zilikatwa na shirika la Nairobi. Sheria ya ushuru inamtaka anayelipia huduma za kitaalamu kuzuia asilimia 5 ya malipo ya mkazi wa Kenya, malipo ya mwezi yanapofika shilingi 24,000 au zaidi, na kuiwasilisha kwa Mamlaka ya Ushuru (KRA). Asilimia 5 ya 40,000 ni 2,000.

Wengi huziandika pesa hizi kuwa zimepotea. La hasha. Ni kodi iliyolipwa mapema kwa jina la mfasiri, na hupunguza kile atakachodaiwa anapowasilisha ripoti yake ya mwaka kabla ya Juni 30. Lakini ili apunguziwe, cheti cha kodi hiyo lazima kionekane katika akaunti yake ya iTax. Ikiwa taarifa ya malipo inaonyesha makato ya asilimia 5 na miezi miwili imepita bila cheti kuonekana, basi mteja amekata bila kuwasilisha, au ameandika nambari ya PIN kimakosa. Ni heri kuligundua hilo Mei kuliko kuligundua usiku wa Juni 29 mwaka unaofuata.

Kadhalika, tangu Januari 2024, mteja wa Kenya anayetaka gharama yake itambuliwe na KRA huhitaji ankara iliyotolewa kupitia mfumo wa eTIMS. Mfanyakazi aliyetuma ankara ya kawaida iliyochapwa kwa tarakilishi huenda akangoja malipo wiki kadhaa, akidhani mteja ni mkaidi, kumbe idara ya uhasibu imeiweka kando.

Makato ya njiani

Zimebaki shilingi 9,480. Hapa ndipo gharama yenyewe ya kulipwa kutoka ng'ambo inapopatikana, nayo ina sura mbili.

Sura ya kwanza ni ada zinazoonekana: dola 27 za kampuni ya malipo, ambazo ni shilingi 3,483 kwa kiwango cha ankara, na yuro 15 zilizokatwa njiani, ambazo ni shilingi 2,280. Jumla ni shilingi 5,763.

Hizo yuro 15 zilikwenda kwa nani? Benki ya mteja inapokosa akaunti katika benki ya Kenya, hupitisha pesa kwa benki nyingine iliyo na uhusiano na zote mbili, na benki hiyo ya katikati hujilipa kutoka katika pesa zenyewe. Anayetuma huchagua nani abebe ada: `OUR` maana yake ni kwamba mtumaji atalipa zote, `SHA` kila upande unalipa zake, na `BEN` mpokeaji analipa zote. Mteja asiyeelezwa lolote mara nyingi huchagua `SHA`, na makato ya njiani humwangukia mfasiri.

Anayetaka ushahidi anaweza kumwomba mteja nakala ya ujumbe wa benki. Katika muundo wa zamani uitwao MT103, sehemu ya `33B` huonyesha kiasi alichoagiza mteja, `71F` huonyesha ada zilizokatwa, na `32A` kiasi kilichopitishwa baada ya makato. Muundo huo uliachwa na benki katika malipo ya kimataifa mnamo Novemba 2025, na katika muundo mpya kiasi kilichoagizwa huitwa `InstdAmt` na kilichopitishwa huitwa `IntrBkSttlmAmt`. Majina yamebadilika, lakini kinachotazamwa ni tofauti kati ya viasi hivyo viwili.

Sura ya pili ya gharama haionekani kama ada. Ni tofauti kati ya kiwango cha Benki Kuu na kile alichopewa mfasiri. Siku aliyopokea dola, kiwango cha wastani kilikuwa bado 129, lakini kampuni ilimpa 125. Shilingi 4 kwa kila dola, mara 573, ni shilingi 2,292. Siku aliyopokea yuro, kiwango cha wastani kilikuwa 150, benki ikampa 147. Shilingi 3 mara 285 ni 855. Jumla ni shilingi 3,147, na hakuna karatasi hata moja iliyoziita makato.

Ni kweli kwamba hakuna mtu wa kawaida anayeuziwa kwa kiwango cha wastani. Benki hununua kwa bei ya chini na kuuza kwa bei ya juu, na hiyo ndiyo biashara yake. Kiwango cha Benki Kuu hapa ni rula tu ya kupimia. Lakini bila rula hiyo, njia inayotangaza kwamba haitozi ada yoyote itaonekana nafuu, hata kama inachukua shilingi 5 katika kila dola.

Kupanda na kushuka kwa shilingi

Zimebaki shilingi 570. Ankara ya Februari iliandikwa yuro ikiwa 152, ikalipwa ikiwa 150. Shilingi 2 mara yuro 285 ni 570. Hizi hazikuchukuliwa na mtu. Soko lilisogea wakati deni likingoja.

Kiasi hiki ni kidogo, na tangu katikati ya 2024 dola yenyewe imekuwa ikizunguka shilingi 129 kwa kipindi kirefu, hivyo wengi wamesahau kwamba huweza kuuma. Wasisahau. Mnamo Januari 2024 dola ilifikia takriban shilingi 160. Februari mwaka huo serikali ilikopa dola bilioni 1.5 katika masoko ya kimataifa ili kununua sehemu ya deni la dola bilioni 2 lililokuwa likiiva Juni. Hofu ikapungua, shilingi ikapata nguvu, na kufikia Aprili dola ilikuwa karibu shilingi 130. Aliyeandika ankara ya dola 600 Januari aliihesabu kuwa shilingi 96,000. Ikiwa mteja alimlipa Aprili, alipata kama 78,000, hata kabla ya ada. Shilingi 18,000 ziliyeyuka bila yeyote kuzikata.

Ndiyo maana kiwango cha siku ya ankara hakipaswi kubadilishwa baadaye. Anayeirekebisha ankara ya zamani kwa kiwango cha leo huificha hasara au faida ya soko, na hatajua kamwe kwamba mteja anayechelewa kwa miezi mitatu humgharimu zaidi ya usumbufu.

Jibu la mume

Sasa pengo lote lina majina. Katika shilingi 71,880, shilingi 60,400 ziko kwa wateja na zinangojwa. Shilingi 2,000 ziko KRA kwa jina la mfasiri. Shilingi 5,763 ni ada, 3,147 ni tofauti ya bei ya sarafu, na 570 zilichukuliwa na soko. Ukizijumlisha, hakuna hata moja iliyobaki bila maelezo. Ikiwa jumla ingekataa kulingana, hiyo ingekuwa ishara kwamba kuna ankara iliyolipwa pungufu, au pesa zilizoingia ambazo hazijaoanishwa na ankara yoyote.

Kuna mtego mmoja unaofanya jumla ikatae mara kwa mara. Mtu akipokea dola katika akaunti ya PayPal, kisha akazihamishia M-Pesa, kisha akazipeleka benki, atakuta pesa zile zile zimeandikwa kuwa zimeingia mara tatu. Kuhamisha si kuchuma. Zihesabiwe mara moja tu, pale zilipogeuka kuwa shilingi.

Gharama halisi ya mfasiri wetu, basi, ni ada na tofauti ya bei pekee: shilingi 8,910. Ankara za ng'ambo zilizolipwa mwezi huo zilikuwa na thamani ya shilingi 123,000. Kwa hiyo katika kila shilingi 100 anazowadai wateja wa nje, zaidi kidogo ya shilingi 7 hazimfikii. Mwajiri wake wa kweli akimuuliza bei ya kazi, shilingi hizo 7 ziwe ndani ya bei tangu mwanzo.

Tarakimu hiyo ina matumizi mengine. Tuseme mfasiri na mumewe wanataka mkopo wa chama cha akiba na mikopo huko Thika ili wanunue ploti, na marejesho ni shilingi 45,000 kila mwezi. Wakitazama ankara, 223,400, deni litaonekana jepesi. Ukweli ni kwamba Machi waliishi kwa 151,520. Kwa Aprili, wanachoweza kutarajia kutoka Machi ni madeni ya 106,000 yakipunguzwa shilingi 7 kwa kila 100, yaani takriban 98,000, na mengine yatategemea kazi ya Aprili itakayolipwa haraka. Marejesho yapimwe kwa mwezi mbaya kati ya miezi sita iliyopita, wala si kwa ankara za mwezi mzuri.

Mwisho, safu ya kutazamwa kwa jicho kali zaidi ni ile ya madeni ya mwisho wa mwezi. Ikiwa ankara za kila mwezi hazibadiliki sana lakini madeni hayo yanapanda mwezi hadi mwezi, wateja wanachelewa zaidi. Ankara iliyopitisha siku 60 ipewe rangi yake na barua yake, maana ankara isiyolipwa huanza kama muda, na ikiachwa huishia kuwa hasara.

Hesabu yote hii haihitaji zaidi ya jedwali moja lenye mstari mmoja kwa kila ankara: tarehe, sarafu, kiwango cha siku hiyo, kiasi cha taarifa ya malipo, kiasi kilichofika na siku kilipofika. Ni kazi ya saa moja kila mwisho wa mwezi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mfasiri wa Ruiru mali yake haikuwa imeisha. Iliyokosekana ilikuwa ni habari.